Ninachokiona Kwenye Mjadala wa Makala za Utafiti

Kazi yangu ni takwimu za utafiti wa afya. Andiko likikaribia kutumwa kwenye jarida hupita mezani kwangu, nami huulizwa swali moja: namba ziko sawa? Mara nyingi ziko sawa. Majedwali yanajumlishika, waliopimwa na waliopotea wameelezwa, vipimo vya takwimu vimechaguliwa vizuri. Shida huanza mbele kidogo, pale mwandishi anapoyaacha majedwali na kuanza kueleza matokeo yake yana maana gani. Sehemu hiyo tunaiita mjadala. Watu wa nje huichukulia kama maneno ya kufungia kazi. Sisi tunaoshinda nayo tunajua kwamba makosa mengi yaliyo ghali huzaliwa humo, na hakuna kompyuta inayoyakamata, kwa sababu si makosa ya hesabu.

Nieleze jinsi yanavyozaliwa. Kwenye sehemu ya matokeo mwandishi anasema kina mama waliohudhuria kliniki mara nyingi zaidi walijifungua watoto wenye uzito wa kutosha kuliko waliohudhuria mara chache. Hiyo ni sawa, ndivyo alivyoona. Aya ya kwanza ya mjadala inasema mahudhurio ya kliniki "yanaongeza" uzito wa mtoto. Hapo tayari ameshavuka mto, maana huenda kina mama wanaohudhuria ndio wenye nauli, wenye chakula nyumbani na wenye mimba zisizo na matatizo. Tena mimba iliyokatika mapema haikupata muda wa mahudhurio mengi, na mtoto wake kwa kawaida huwa mdogo. Aya ya tatu inasema utafiti "umethibitisha". Ikifika ikisiri, ambayo ndiyo peke yake inayosomwa na watu wengi wenye maamuzi, neno "huenda" limeshaanguka njiani, na hitimisho linaishauri wizara. Namba haijabadilika hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika ni vitenzi.

Kwa hiyo andiko likija kwangu siku hizi huanza na kalamu kwenye vitenzi vya mjadala. Napigia mstari kila "imesababisha", "imepunguza", "imethibitisha" na "inaonesha wazi", kisha narudi kwenye mbinu kuuliza kama utafiti wa namna hii unaweza kubeba kitenzi hicho. Utafiti uliopima watu mara moja tu hauwezi kubeba "imesababisha", hata sampuli ikiwa kubwa namna gani.

Lakini hilo wahakiki wengi wanalijua na hulisema. Linalopita bila kuonekana ni ulinganisho na tafiti za awali. Kila jarida linaudai, kwa hiyo kila mwandishi anaufanya, na wengi wanaufanya kwa mtindo mmoja ambao naweza kuuandika nikiwa nimefumba macho: "Matokeo haya yanaendana na utafiti uliofanyika Ethiopia, lakini yanatofautiana na utafiti uliofanyika Nijeria. Tofauti hii inaweza kuwa imetokana na tofauti za kijiografia, kijamii na kitamaduni, au ukubwa wa sampuli." Kisha aya inayofuata inachukua jambo lingine na kurudia vilevile.

Angalia kinachokosekana humo. Hakuna namba ya Ethiopia wala ya Nijeria. Msomaji haambiwi watu gani walipimwa, kwa kipimo gani, wakati ugonjwa umefika wapi. Na ile sababu ya mwisho, ukubwa wa sampuli, karibu kila mara imewekwa vibaya. Sampuli ndogo hufanya jibu liwe na mipaka mipana, yaani tusijue vizuri ukweli uko wapi. Haielezi kwa nini kwa mwenzako ni asilimia kumi na kwako ni thelathini, kama mipaka ya tafiti zote mbili ni myembamba na haigusani. Na kama mipaka inagusana kwa upana, basi huenda hakuna tofauti ya kueleza kabisa, na mwandishi ametumia aya nzima kutafuta sababu ya kitu ambacho hakipo.

Vijana wakiniletea aya za namna hii huwa nawaonesha kisa cha Mwanza, Rakai na Masaka. Ni tafiti za kwetu, za Kanda ya Ziwa na ng'ambo ya mpaka Uganda, zote zimechapishwa kwenye jarida la Lancet, na zimenifundisha kusoma mjadala kuliko kitabu chochote.

Swali lao lilikuwa moja: tukitibu vizuri magonjwa ya zinaa yanayotibika, je, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Mwanza ilijibu kwanza, mwaka 1995, katika makala ya Grosskurth na wenzake. Jamii 12 za vijijini, kila moja na kituo chake cha afya na zahanati zinazokizunguka, ziligawanywa katika jozi 6. Katika kila jozi jamii moja iliboreshewa huduma: wahudumu walifunzwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa zipo, usimamizi ulifanyika na wananchi walielimishwa waje kutibiwa. Nyingine ilisubiri. Baada ya miaka 2, kati ya watu ambao mwanzoni hawakuwa na virusi, walioambukizwa kwenye jamii zilizoboreshewa huduma walikuwa 48 kati ya 4,149. Kwenye jamii za ulinganisho walikuwa 82 kati ya 4,400.

Hapa namsimamisha kijana na kumwambia aandike sentensi ya kwanza ya mjadala. Wengi huandika kwamba huduma bora ilipunguza maambukizi kwa asilimia 40. Si uongo. Uwiano uliorekebishwa ulikuwa 0.58, kwa hiyo "karibu asilimia 40" ndivyo waandishi wenyewe walivyosema. Lakini mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ilikuwa kutoka 0.42 hadi 0.79. Maana yake data hizo zinakubaliana na upungufu wa asilimia 58, na zinakubaliana pia na upungufu wa asilimia 21. Anayepanga bajeti ya dawa anatakiwa azione namba zote tatu, si ya katikati peke yake. Anatakiwa aone pia kwamba kwa hesabu ya watu halisi ni kama 12 kwa kila 1,000 dhidi ya 19 kwa kila 1,000 katika miaka 2. Mtu akisikia "asilimia 40" bila hilo hujenga picha nyingine kabisa kichwani.

Kuna jingine ambalo asiyefanya kazi hii halioni. Watu walikuwa maelfu, ila kilichopigiwa kura ni jamii, na jamii zilikuwa 12. Ukizihesabu data hizo kana kwamba kila mtu alichaguliwa peke yake utapata uhakika wa bandia. Kinachoupa utafiti ule nguvu ni kwamba upungufu ulionekana katika jozi zote 6. Kama huduma isingekuwa na athari yoyote, kila jozi ingekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuelekea upande wowote, na zote 6 kuelekea upande wa huduma bora ni nafasi 1 katika 64. Hoja ya namna hiyo inastahili kukaa kwenye mjadala, maana inamweleza msomaji imani inatoka wapi. Pia waliangalia kama watu walibadili mienendo ya ngono, na taarifa walizotoa hazikuonesha mabadiliko ya kuweza kueleza tofauti ile. Na upande wa udhaifu, waliopatikana tena baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 71 tu ya walioandikishwa. Mwandishi mwaminifu hasemi tu "baadhi walipotea". Anauliza waliopotea wangegeuza jibu upande gani, na kwa kiasi gani.

Rakai ikafuata mwaka 1999, makala ya Wawer na wenzake. Jamii zilikuwa 10, tano kwa tano. Wao hawakungoja mgonjwa aje zahanati. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 wakiwapa watu wazima wote waliokubali dawa za magonjwa ya zinaa, wenye dalili na wasio na dalili. Kundi la ulinganisho lilipewa vitamini na dawa za minyoo. Kaswende na trikomona zilipungua. VVU havikupungua: uwiano ulikuwa 0.97, mipaka kutoka 0.81 hadi 1.16.

Masaka ikamalizia mwaka 2003, jamii 18 katika makundi matatu. Kundi lililopata elimu ya mienendo pamoja na matibabu bora ya magonjwa ya zinaa lilikuwa na uwiano wa 1.00, mipaka kutoka 0.63 hadi 1.58.

Sasa swali linalotenganisha msomaji wa juujuu na mwenye kazi yake: Rakai na Masaka zilipingana na Mwanza? Nimesoma maandiko mengi yanayozitaja, na mengi huweka mbili upande mmoja na moja upande wa pili, kama kura. Mbili zinasema hapana, moja inasema ndiyo, basi hapana imeshinda. Kijana mmoja daktari, hodari sana wodini, aliniletea aya iliyoandikwa hivyo hivyo. Nikamwomba achore mistari mitatu kwenye karatasi moja, kila mmoja kuanzia mpaka wake wa chini hadi wa juu.

Alipochora akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mzee, hii ya Masaka inagusa zote."

Ndivyo ilivyo. Mstari wa Mwanza unaishia 0.79 na wa Rakai unaanzia 0.81. Hazigusani, kwa hiyo kuna tofauti ya kweli inayodai maelezo. Mstari wa Masaka unaanzia 0.63 na kupita hadi 1.58. Ndani yake mna sehemu ya Mwanza, mna Rakai yote, na mna madhara makubwa pia. Masaka haikuipinga Mwanza. Haikuwa na uwezo wa kuipinga, kwa sababu data zake zinakubaliana na upungufu wa asilimia 37 kama zinavyokubaliana na kutokuwepo athari. Sentensi sahihi kwa Masaka ni kwamba haikugundua upungufu, na kwamba upungufu wa theluthi moja bado unawezekana. Kuandika "matibabu hayana athari" ni kudai kupita kiasi kama kuandika "yanazuia". Watu husahau kwamba madai makubwa yana pande mbili. Andiko lililokosa tofauti hutangaza "hakuna" kwa kujiamini kuliko lililoipata linavyotangaza "ipo".

Daktari akaniuliza, "Sasa niandike nini kuhusu Mwanza na Rakai? Tofauti za kijiografia?"

Nilimwambia alifungue basi hilo neno, atoe yaliyomo ndani yake. Kwanza, afua zenyewe hazikuwa sawa. Mwanza ilimtibu mwenye dalili siku anapokuja, mwaka mzima. Rakai ilimtibu kila mtu, kisha ikaondoka kwa miezi 10, muda unaotosha mtu kuambukizwa upya na kukaa na ugonjwa. Pili, janga lilikuwa katika hatua tofauti. Mwanza mwanzoni mwa utafiti watu wenye VVU walikuwa karibu 4 katika kila 100. Rakai walikuwa karibu 16. Janga likiwa changa, maambukizi mengi hupitia kwa watu wenye wapenzi wengi, ambao ndio wenye magonjwa ya zinaa mara kwa mara. Likishakomaa, virusi husambaa ndani ya ndoa na mahusiano ya kawaida, ambako huenda hakuna kaswende wala kisonono cha kutibu. Tatu, vidonda vingi vya sehemu za siri huko Rakai vilitokana na malengelenge ya virusi vya hepesi, ambavyo haviguswi na viuavijasumu.

Maelezo ya namna hii yana thamani kwa sababu kila moja linaweza kupimwa. "Tofauti za kitamaduni" hazipimiki, hakuna wa kuzikanusha, ndiyo maana ni rahisi kuziandika. Ila kupimika hakulifanyi jambo kuwa kweli. Linabaki dhana mpaka limepimwa, na kwenye mjadala lazima lionekane kuwa dhana. Waandishi wengi wakishapata maelezo mazuri huyageuza matokeo. Aya inaanza na "huenda", na kufika chini inasema "kwa sababu".

Hilo la hepesi lilikuja kupimwa, tena hukuhuku. Watson-Jones na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na migahawa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wenye hepesi lakini bila VVU. Nusu walipewa asiklovia ya kuidhibiti hepesi kila siku, nusu dawa tupu. Walioambukizwa VVU walikuwa 27 upande wa dawa na 28 upande wa dawa tupu. Uwiano 1.08, mipaka 0.64 hadi 1.83.

Nawapa vijana namba hizo na kuwauliza tena: je, dhana ya hepesi imekufa? Hapo ndipo nagundua nani ameelewa. Mipaka ni mipana kama ya Masaka, kwa hiyo utafiti huu peke yake haukatai upungufu wa theluthi moja. Tena kuna jambo lililo ndani zaidi: walipopima, virusi vya hepesi vilionekana sehemu za siri kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Dawa haikuonekana kuvizuia vya kutosha kwa wanawake wale. Basi kilichopimwa ni kuwapa watu dawa hii kwa kipimo kile katika mazingira yale, si kuiondoa hepesi. Mwaka huohuo utafiti mkubwa zaidi wa Celum na wenzake, uliofanyika Afrika, Peru na Marekani, ulipata uwiano wa 1.16 na mipaka 0.83 hadi 1.62. Huo umebana zaidi. Vidonda vilipungua kweli, lakini VVU havikupungua, na mpaka wa chini unaacha nafasi ya upungufu wa asilimia 17 tu. Ukiziweka tafiti hizo mbili pamoja unaweza kuandika kwa haki kwamba asiklovia kwa dozi zile si njia ya kuzuia VVU. Huwezi kuandika kwamba hepesi haihusiani na VVU. Sentensi hizo mbili ziko mbali sana, na kila mwezi naona andiko linalozichanganya.

Kusema kweli, kazi hii inachosha. Mwandishi ametumia miaka vijijini, amelala kwenye nyumba za wageni zisizo na maji, amebembeleza watu watoe damu. Halafu mimi niliyekaa ofisini namwambia apunguze neno. Wengine hunijibu kwamba mhariri wa jarida ataona utafiti hauna jipya, na wana hoja. Majarida yanapenda habari, wafadhili wanapenda habari, na ripoti ya mwaka ina kisanduku cha kujaza "mafanikio". Wapo wanaokubali masahihisho kwangu, kisha wanarudisha "imethibitisha" baada ya mhakiki kuwaambia mjadala wao hauna nguvu. Nimeona hitimisho la namna hiyo likiingia kwenye mwongozo wa mkoa, na wahudumu wa zahanati wakifunzwa kufuata jambo ambalo jedwali la 3 halikulisema.

Daktari yule aliandika upya aya yake. Aliacha orodha ya "yanaendana" na "yanatofautiana". Akachagua tafiti tatu tu, akaweka makadirio na mipaka yake karibu na ya kwake, akasema wagonjwa wake walikuwa wakubwa kwa umri kuliko wa tafiti mbili kati ya hizo na kwamba kipimo chake cha maabara hukosa baadhi ya maambukizi, jambo ambalo lingeivuta tofauti yake kuelekea sifuri. Sababu aliyodhani ndiyo kubwa aliiandika kama dhana, na akasema data za aina gani zingeikanusha. Aya ilikuwa fupi kuliko ya mwanzo. Mhakiki wa pili alirudisha maoni akitaka tafiti zaidi zitajwe. Daktari alimjibu kwa heshima kwamba zile nyingine zilitumia kipimo tofauti na kulinganisha nazo kungempotosha msomaji, akaeleza kwa mistari minne ni kwa vipi. Mhariri alikubali, na aya ikachapishwa kama ilivyokuwa.